Bolti Zinatosha, Bamba Je?

Ukiingia kwenye ghala au karakana iliyojengwa kwa chuma ukainua macho mpaka pale boriti inapokutana na nguzo, mara nyingi utaona kitu kilekile. Kipande cha bamba kimechomelewa kichwani mwa boriti, kimetobolewa matundu, na bolti zimepenya matundu hayo na yale ya nguzo zikakazwa kwa nati. Bamba lilichomelewa karakanani, boriti ikapakiwa kwenye lori, ikanyanyuliwa kwa kreni, na kazi iliyobaki kule juu ikawa ya spana tu. Ndiyo sababu kiungo hiki kinapendwa: kuchomelea, kazi inayotaka mkono mtulivu na ukaguzi wa karibu, kumekwisha chini, na juu ya jengo hakuna moto.

Anayekitazama kiungo hiki huanza kwa kuhesabu bolti. Mwenye jengo huuliza ziko ngapi, na fundi akiingiwa na wasiwasi huongeza mbili. Lakini kuna mambo mawili ambayo hesabu ya bolti haiyafichui, nayo huamua mengi: unene wa bamba, na umbali wa bolti kutoka kwenye boriti. Bamba likiwa jembamba, au bolti zikikaa mbali, nguvu inayofika kwenye bolti huwa kubwa kuliko ile iliyotoka kwenye boriti. Nguvu hiyo ya ziada huzaliwa ndani ya kiungo chenyewe. Naona ndiyo sehemu ya kiungo isiyoeleweka vizuri kuliko zote, kwa hiyo makala haya yatakaa nayo kwa muda.

Tuchukue boriti moja tuifuate mpaka mwisho. Ni boriti ya roshani ya kuhifadhia mizigo ndani ya ghala, ya aina ya IPE 300. Ukiikata na kuitazama kwa mbele ina umbo la herufi I: bapa mbili zilizolala, moja juu na moja chini, na ukuta mwembamba wa wima kati yake. Kimo chake ni milimita 300 na upana wa bapa ni milimita 150. Nguzo ni HEB 200, ambayo ubapa wake una unene wa milimita 15. Bamba la kichwani lina upana wa milimita 170 na limerefushwa kwa juu, likapita ubapa wa juu wa boriti. Bolti ni sita, za ukubwa wa M20 na daraja la 8.8: mbili ziko juu ya ubapa wa juu, mbili chini yake kidogo, na mbili karibu na ubapa wa chini.

Mhandisi amekwisha kupiga hesabu ya mizigo na kuizidisha kwa viwango vya usalama, akapata kwamba kichwa cha boriti kinasukuma chini kwa kilonyutoni 120. Kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100, kwa hiyo hapa tunazungumzia tani 12. Zaidi ya hapo, kwa kuwa boriti imefungwa imara kwenye nguzo na haiachiwi kuzunguka, kuna momenti ya kilonyutoni-mita 70 inayotaka kukipindua kiungo. Mzigo ukiielemea roshani, ubapa wa juu hutaka kujichomoa kwenye nguzo na ubapa wa chini hujikandamiza kwayo. Bolti sita zinakabili mambo hayo mawili kwa wakati mmoja.

Tuanze na kule kusukumwa chini, kwa sababu ndiko kwepesi. Bamba linataka kuteremka na nguzo imesimama, na bolti imepita katikati ya vyuma hivyo viwili. Nguvu hiyo hutaka kuikata bolti pale bamba na nguzo zinapogusana. Nambari 8.8 iliyopigwa kwenye kichwa cha bolti inaeleza chuma chake: 8 ya kwanza inasema kinakatika kwa nyutoni 800 kwa kila milimita mraba, na ya pili inasema kinaanza kunyumbuka moja kwa moja kikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Kwa kanuni za Ulaya zinazohusu viungo vya chuma, yaani EN 1993-1-8, bolti moja ya M20 ya daraja hilo inahesabiwa kubeba kilonyutoni 94 za mkato ikiwa meno yake yako pale inapokatwa. Ikiwa pale pako sehemu laini isiyo na meno, inabeba 121. Tofauti ni kubwa, lakini bolti nyingi madukani zimechongwa meno karibu urefu wote, na fundi akiwa juu hatachagua meno yaangukie wapi. Mhandisi mwangalifu huchukua 94.

Bolti mbili za chini peke yake zinabeba 188, na sisi tuna 120. Mkato umepita, na bado hatujazigusa nne za juu.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mtu akiambiwa mkato ni mkubwa, haraka ataagiza bolti za daraja la 10.9, zilizo ghali na ngumu zaidi. Katika kuvutwa zinasaidia kweli. Katika mkato unaopita kwenye meno, kanuni hizohizo zinaipa M20 ya 10.9 kilonyutoni 98, nne tu zaidi ya ile ya 8.8, kwa sababu chuma kigumu mno hakivumilii kukatwa kwa kiwango kilekile na kanuni imekipunguzia. Fedha hiyo ingefanya kazi nyingi zaidi kwingine.

Bolti ikiisha kuvumilia mkato, bado inaweza kulishinda tundu lake. Bolti ni ngumu kuliko bamba, na ikisukumwa ukutani mwa tundu hulikandamiza mpaka tundu likarefuka na kuwa kama yai, au ikapasua kipande cha bamba na kutokea ukingoni. Huu ndio mgandamizo wa tunduni, nao unategemea mambo mawili: unene wa bamba, na chuma kilichobaki kati ya tundu na ukingo upande ule bolti inakosukuma. Katika boriti yetu hakuna shida. Ubapa wa nguzo wenye milimita 15, kwa chuma cha kawaida cha S275, unaipa kila bolti ya chini kilonyutoni 246, na bolti yenyewe itakatika kabla ya kufika nusu ya hapo.

Mgandamizo huuma kwenye mabamba membamba. Chukua bamba la milimita 6 lenye tundu ambalo kitovu chake kiko milimita 30 tu kutoka ukingoni. Bolti ileile ya M20, inayoweza kubeba 94 kwa mkato, sasa inapewa kilonyutoni 45 tu, kwa sababu bamba litapasuka mapema. Hesabu hiyo inachukulia kwamba tundu limetobolewa kwa mashine ya kutobolea. Pale linapokatwa kwa moto wa gesi, huwa pana kupita kiasi na kingo zake huwa na mikwaruzo, na zile milimita 30 zilizoandikwa zinaweza kubaki 24 chini ya kichwa cha bolti pasipo mtu kuona. Kanuni hairuhusu umbali ulio chini ya mara 1.2 ya kipenyo cha tundu. Kwa tundu la milimita 22 hiyo ni milimita 26 na kidogo.

Sasa twende juu, kwenye ubapa unaotaka kujichomoa.

Momenti ya kilonyutoni-mita 70 ikigawanywa kwa umbali kati ya katikati ya ubapa wa juu na katikati ya ule wa chini, ambao ni milimita 289, inatoa nguvu ya kuvuta ya kilonyutoni 242. Hiyo ndiyo nguvu inayouchomoa ubapa wa juu. Kuna bolti nne zinazouzunguka, mbili juu yake na mbili chini yake. Kwa hesabu ya haraka kila jozi inachukua 121, na kila bolti inachukua kama 60. Uwezo wa bolti moja kuvutwa ni kilonyutoni 141. Kwa hesabu hii bolti zinatumia chini ya nusu ya uwezo wake, na mtu anaweza kufunga daftari akaenda zake akiwa na amani.

Hesabu hiyo imesahau kwamba bolti haikuushika ubapa. Bolti imelishika bamba, ubapa nao umechomelewa kwenye bamba, na kati ya vitu hivyo viwili pana nafasi. Ubapa ukivuta, bamba linapinda. Mstari wa mchomeleo unaondoka kwenye nguzo, bolti inazuia, na ukingo wa bamba ulio ng'ambo ya bolti, kwa kuwa bamba limepinda, unajikandamiza kwenye nguzo. Linganisha na mtaimbo ambao ncha yake imeegemea ardhini, jiwe liko katikati, na mtu anainua mwisho wa pili: jiwe linabeba nguvu ya mikono yake pamoja na ile inayotoka ardhini. Bolti iko mahali pa jiwe. Ubapa unaivuta kwa upande mmoja, ukingo wa bamba unaisukuma nje kwa upande wa pili, na bolti inabeba jumla. Nguvu ya ukingoni ndiyo nguvu ya wenzo. Haionekani popote katika mizigo ya jengo, na ukipima kila gunia lililopo roshanini hutaikuta, lakini bolti inaihisi sawasawa na uzito wa kweli.

Bamba likiwa nene sana halipindi, ukingo haukandamizi, na bolti inabeba kilichokuja tu. Likiwa jembamba, wenzo unazaliwa. Ndiyo maana haiwezekani kusema bolti zinatosha kabla ya kujua unene wa bamba.

Waholanzi ndio waliolitolea jambo hili hesabu inayotumika mpaka leo. Katika chuo cha ufundi cha Delft, Struik na de Back walichapisha mwaka 1969 utafiti wao kuhusu vipande vya chuma vyenye umbo la herufi T vilivyofungwa kwa bolti na kuvutwa. Mwaka 1974 Zoetemeijer, wa hukohuko Delft, alieleza jinsi kiungo kizima cha boriti na nguzo kinavyoweza kuhesabiwa kama mkusanyiko wa herufi T kama hizo. EN 1993-1-8 imelibeba wazo hilo, nalo linasema T inaweza kushindwa kwa njia tatu. Katika ya kwanza bamba linapinda kabisa, kwenye mchomeleo na kwenye mstari wa bolti, huku bolti zikiwa hazijafika mwisho wa uwezo wake. Katika ya pili bamba linapinda kwenye mchomeleo tu, wenzo unakua, na bolti zinakatika. Katika ya tatu bamba ni nene hata halijali, na bolti zinakatika zenyewe kwa kuvutwa. Mhandisi hupiga hesabu zote tatu na kuamini ile ndogo.

Tujaribu kwa jozi ya juu kabisa ya boriti yetu, ile iliyo kwenye bamba lililochomoza, ambako hakuna ukuta wa boriti wa kulisaidia bamba. Bolti zimewekwa milimita 50 kutoka uso wa ubapa. Mchomeleo una mguu wa milimita 8, na kanuni inatuambia tupunguze asilimia 80 ya mguu huo, kwa kuwa bamba haliwezi kupinda pale lilipojaa mchomeleo. Nafasi iliyo huru kupinda inabaki milimita 43.6. Kutoka bolti hadi ukingo wa bamba kuna milimita 40.

Kwa bamba la milimita 10, njia ya kwanza inatoa kilonyutoni 54 kwa jozi nzima, na tunahitaji 121. Bolti mbili zile zina uwezo wa 282 zikiwa peke yake, lakini bamba linainama kabla ya kufikisha hata nusu ya nguvu tunayoitaka. Tena pale bamba linapoanza kuinama kwa 54, ukingo wake umekwisha kuongeza kilonyutoni 29 za wenzo, na bolti zinabeba 83 badala ya 54. Zaidi ya nusu ya mzigo wa awali imeongezeka juu yake. Mtu akija hapa akabadilisha bolti kuwa za 10.9, kiungo hakipati hata kilonyutoni moja zaidi, kwa sababu bolti si zilizoshindwa.

Kwa bamba la milimita 15, njia ya kwanza inatoa 121. Imegusa tu. Unene umeongezeka kwa nusu na uwezo umekuwa zaidi ya mara mbili, kwa kuwa uwezo wa bamba kukataa kupinda unakwenda na mraba wa unene. Hakuna mhandisi atakayetaka kulala akiwa na kiungo kisichobakiza chochote, ingawa kwenye karatasi kimepita.

Kwa bamba la milimita 20 mambo yanageuka. Njia ya kwanza sasa ni zaidi ya 200, na ile ya pili ndiyo inayotawala: kilonyutoni 189. Tumevuka 121 kwa nafasi nzuri. Lakini tazama kinachotokea kiungo hiki kikifikishwa mwisho wake. Bolti zimefika 282, na kati ya hizo ubapa umeleta 189 tu. Zilizobaki 93 zimetoka kwenye wenzo, yaani kila bolti imetumia karibu theluthi ya uwezo wake kupambana na bamba lake yenyewe. Hata bamba la milimita 20, ambalo mtu akilinyanyua ataapa ni zito kupita mahitaji, bado linapinda kiasi cha kuzaa wenzo huo.

Kuna njia ya nne ambayo haikuongeza chuma, nami ndiyo ninayoipenda. Rudi kwenye bamba la milimita 15 lililogusa tu, na ulisogeze tundu kuelekea kwenye ubapa: kutoka milimita 50 hadi 35. Nafasi ya kupinda inashuka kutoka 43.6 hadi 28.6, na uwezo wa jozi unapanda kutoka 121 hadi 184. Milimita 15 za kusogeza tundu zimefanya karibu kazi yote iliyofanywa na bamba la milimita 20. Kinachozuia kusogea zaidi ni mkono wa fundi. Nati ya M20 inataka spana ya 30, washa yake ina upana wa milimita 37, na soketi inahitaji kupita bila kugonga mchomeleo. Kwa milimita 35, baada ya kuutoa mguu wa mchomeleo, zimebaki 27 kutoka kitovu cha bolti, na soketi ya kawaida inaingia. Kwa milimita 25 isingeingia, na fundi angelazimika kukaza kwa ncha ya spana bapa, au asikaze kabisa.

Jozi iliyo chini ya ubapa wa juu ina hali nzuri zaidi, kwa sababu imezungukwa na ubapa upande mmoja na ukuta wa boriti katikati, na bamba halipati mwanya wa kupinda. Kwa kweli jozi hiyo huchukua sehemu kubwa zaidi ya mvuto kuliko ile ya nje, na kugawa sawa kama tulivyofanya ni kujiweka upande salama kwa jozi ya nje. Ubapa wa nguzo nao unapimwa kwa hesabu hiyohiyo, kwa sababu wenyewe pia unapinda kuelekea boriti. Katika HEB 200 unapita bila taabu. Katika nguzo nyepesi mara nyingi haupiti, na hapo ndipo mtu anapokuta bamba nene zuri limefungwa kwenye nguzo inayojikunja.

Inabaki kuuliza kama bolti za juu, zilizojaa mvuto, zinaweza kusaidia pia kwenye mkato. Zinaweza, kwa kiasi. Kanuni inajumlisha sehemu ya mkato na sehemu ya mvuto, huku mvuto ukigawanywa kwanza kwa 1.4, na jumla isizidi moja. Bolti iliyovutwa mpaka mwisho wake bado inaachiwa karibu asilimia 28 ya uwezo wake wa mkato, ambazo hapa ni kilonyutoni 27 kwa kila bolti. Mvuto unaoingizwa kwenye hesabu hii unapaswa kuwa pamoja na wenzo. Hapo ndipo makosa mengi hujificha: mtu anaingiza 60 aliyoipata kwa kugawanya, ilhali bolti inabeba 60 pamoja na kile ambacho bamba limeongeza.

Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walisomeshwa kwa kanuni za Uingereza za BS 5950, ambazo zilikuwa na njia ya mkato: punguza uwezo wa bolti kuvutwa kwa asilimia 20, na hiyo asilimia ndiyo itakayolipia wenzo. Ni njia nzuri kwa kazi za kila siku, lakini ilikuja na masharti. Moja lilihusu umbali kati ya bolti za jozi moja, usizidi asilimia 55 ya upana wa bamba au ubapa, na bamba lenyewe lilipaswa kupimwa kwa kupinda. Ile asilimia 20 imekaa vichwani mwa watu na masharti yakapotea. Katika kiungo chetu cha bamba la milimita 10, bolti zilizopunguzwa asilimia 20 zingepita kwa raha, na bamba lingejikunja.

Kuna mvutano mmoja ambao hesabu haiwezi kuumaliza peke yake. Bamba jembamba hushindwa polepole: linainama, linaonekana, linatoa nafasi ya watu kutoka na mizigo kushushwa. Bamba nene kupita kiasi huziacha bolti zife kwanza, na bolti ya daraja la juu ikifa hukatika kwa mlio mmoja. EN 1993-1-8 inatoa kipimo cha kutenganisha hayo mawili, na kwa bolti ya M20 ya 8.8 pamoja na chuma cha S275 kinaangukia kwenye milimita 12 na kidogo. Chini ya hapo kiungo kinahesabiwa kuwa na uwezo wa kuzunguka kabla ya kukatika. Kwa boriti ya roshani inayobeba mzigo uliotulia ningechukua bamba la 15 lenye bolti zilizo karibu, kwa sababu hata likizidiwa ni bamba litakaloanza kuinama, ilhali la milimita 20 lenye bolti za mbali hufikia mwisho wake bolti zikikatika. Kwa jengo lililo mahali pa matetemeko, mazungumzo yangekuwa mengine na marefu zaidi.

Kwenye jengo lililokwisha kusimama, wenzo huacha alama mtu anazoweza kuzisoma kwa tochi na kipande chembamba cha bati. Tazama pengo kati ya bamba na nguzo. Bamba likichomelewa, mchomeleo unapopoa husinyaa na kuzivuta kingo za bamba kuelekea upande wa boriti, kwa hiyo bamba jipya mara nyingi hugusa nguzo katikati, kwenye mstari wa ubapa, na kuachia pengo dogo kingoni. Hilo ni kosa la karakana, si dalili ya kuzidiwa, ingawa likiwa kubwa linapaswa kunyooshwa kabla ya kufunga. Pengo la hatari limekaa kinyume: kingo za bamba zimegandamana na nguzo, na katikati, penye ubapa, bati linapita. Ukiliona hilo, tafuta rangi iliyopasuka kwa mstari mrefu kandokando ya mchomeleo wa ubapa wa juu, na rangi iliyosagika pale ukingo wa bamba unapogusa nguzo. Mbili zikipatikana pamoja, bamba limekwisha kupinda, na kulikaza kwa spana hakutalinyoosha. Mizigo ishushwe kwanza, kisha mhandisi aitwe.

Kwenye jengo linalojengwa, kazi ni rahisi zaidi, na inafanyika boriti ikiwa bado chini. Nambari kwenye vichwa vya bolti zisomwe, kwa maana M20 ya daraja la 4.6 inafanana na ya 8.8 kwa macho lakini inabeba nusu yake. Unene wa bamba upimwe. Kisha futi iwekwe kwenye uso wa ubapa wa juu na kunyooshwa mpaka katikati ya tundu. Mchoro ukisema 35 na tundu liko 50 kwa kuwa aliyetoboa alitaka spana yake ipumue, jozi hiyo imeshuka kutoka kilonyutoni 184 hadi 121, na bolti zote sita bado zipo mahali pake.